Springla ya Mwisho Ndiyo Inayoanza Hesabu

Kichupa kidogo chekundu kilichomo kwenye springla hupasuka kikipata joto la nyuzi 68 za Selsiasi. Kizibo kinachomoka, maji yanashuka na kugonga kisahani cha chuma, kisha yanatawanyika. Hayo kila mtu anaweza kuyaona. Kisichoonekana kwa macho ni kama maji yale yanatosha. Springla inaweza kufunguka kwa wakati wake, ikamwaga maji mbele ya watu, na moto ukazidi kukua chini yake, kwa sababu tu aliyeweka mabomba hakujua kila mita ya bomba inakula presha kiasi gani. Katika sura hii tutapiga hesabu ya bomba tawi moja tangu mwanzo hadi mwisho, ili msomaji aone namba moja inavyozaa nyingine.

Zamani kazi hii haikuhitaji hesabu. Mafundi walikuwa na jedwali: kwa majengo yenye hatari ya kawaida, bomba la chuma la milimita 25 hulisha springla mbili, la 32 hulisha tatu, la 40 tano, la 50 kumi. Jedwali hilo limezima moto mwingi na bado limo katika kanuni, ila siku hizi nafasi yake ni finyu, hasa kwenye kupanua mifumo ya zamani. Udhaifu wake ni kwamba halikuulizi springla zako zimeachana kwa umbali gani, wala moto unaotarajiwa unahitaji maji kiasi gani. Hesabu ndiyo inayouliza.

Tuchukue chumba cha kufulia nguo cha hoteli. Kina urefu wa mita 16 na upana wa mita 15, mashine za kukaushia zimepangwa ukutani, na mashuka yamelundikana kwenye matoroli. Kanuni ya NFPA 13, ambayo wahandisi wengi wa kazi hii huifuata, inakiweka chumba cha namna hii katika hatari ya kawaida, kundi la kwanza. Kundi hilo linadai maji ya milimita 6.1 kwa dakika juu ya eneo la mita za mraba 139 hivi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo kila mita ya mraba ya sakafu ipate lita 6.1 kila dakika. Eneo la mita 139 si chumba kizima. Ni ile sehemu tunayokadiria kwamba moto utakuwa umefungua springla zake zote, na ni lazima tuichague pale ambapo maji yanafika kwa taabu kuliko kwingine, ambapo kwa kawaida ni mbali na pampu.

Springla zetu zimeachana mita 4.0 kwenye bomba tawi, na tawi moja hadi jingine ni mita 3.0. Kila springla basi inalinda mita za mraba 12. Kanuni inaruhusu hadi 12.1 kwa hatari hii, kwa hiyo tumo ndani, lakini kwa upenyo mdogo. Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea. Wengi huchukua eneo la chumba wakaligawa kwa idadi ya springla, wakapata wastani mzuri. Kanuni haitaki wastani. Inataka upime umbali kati ya springla na springla, kisha upime umbali wa springla ya mwisho hadi ukutani na kuuzidisha mara mbili, na kinachozidi ndicho utumie. Kwetu springla ya mwisho iko mita 2.0 kutoka ukutani, mara mbili ni 4.0, mambo ni sawa. Lau fundi angeisogeza ili kuikwepa taa, ikawa mita 2.3 kutoka ukutani, mara mbili ingekuwa 4.6, na 4.6 mara 3.0 ni 13.8. Umbali wenyewe ungekubalika, lakini eneo lingepita kikomo, hata kama idadi ya springla darini ni ileile.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe, na tuanzie mwisho wa bomba, mbali na pampu. Mtu asiyezoea hupenda kuanzia kwenye pampu, kwa kuwa ndiko maji yanakotoka. Lakini huku mwisho ndiko kuliko na namba pekee tunayoijua kwa hakika: mita 12 mara lita 6.1 ni lita 73.2 kwa dakika. Springla ya mwisho lazima itoe angalau hizo. Kila kitu kingine kitajengwa juu yake.

Ili kujua inahitaji presha gani, tunahitaji kipimo cha K. Kila springla hupimwa kiwandani na kupewa namba hiyo, inayosema tundu lake linapitisha maji kiasi gani. Uhusiano wake ni huu:

```
Q = K × √P
```

Q ni lita kwa dakika, P ni presha kwa bar. Springla iliyozoeleka zaidi ni ya K80: ikipewa bar 1 hutoa lita 80 kwa dakika. Kile kipeuo cha pili kina maana kubwa. Ukiongeza presha maradufu, maji hayaongezeki maradufu, bali kwa asilimia 41 tu. Ukitaka maji maradufu, leta presha mara nne. Ndiyo maana kununua pampu kubwa ni njia ghali ya kutibu bomba jembamba.

Tukiigeuza kanuni hiyo, springla ya mwisho inahitaji:

```
P1 = (73.2 / 80)² = 0.84 bar
```

Kabla ya kusonga mbele tunauliza jambo moja: je, presha hii inazidi kiwango cha chini? NFPA 13 haikubali springla ya kawaida kufanya kazi chini ya bar 0.5, hata kama hesabu ya lita imetimia, kwa sababu chini ya hapo maji hayagongi kisahani kwa nguvu ya kutosha na mtawanyiko wake haukamiliki. Sisi tuna 0.84, tunaendelea.

Lita 73.2 zinapita katika kipande cha bomba cha mita 4 kutoka springla ya pili hadi ya kwanza. Bomba ni la chuma, klasi B, la milimita 25. Hiyo 25 ni jina tu. Kipenyo chake cha ndani ni milimita 27.3, na hesabu hufanywa kwa kipenyo cha ndani. Presha inayopotea kwa msuguano hupatikana kwa kanuni ya Hazen na Williams, Wamarekani wawili waliochapisha majedwali yao mwanzoni mwa karne ya 20:

```
p = 6.05 × 10^5 × Q^1.85 / (C^1.85 × d^4.87)
```

Hapa p ni bar zinazopotea kwa kila mita, d ni kipenyo cha ndani kwa milimita, na C ni ulaini wa bomba. Kwa bomba la chuma lenye maji muda wote tunatumia 120, na kwa mifumo mikavu 100. Si lazima msomaji aikariri. Aangalie tu vile vipeo viwili. Maji yakiongezeka maradufu, upotevu huongezeka mara tatu na nusu na ushei. Kipenyo kikipanda kutoka 27.3 hadi 36.0, yaani kutoka bomba la 25 hadi la 32, upotevu hushuka hadi karibu robo. Kipenyo ndicho chenye sauti kubwa kuliko vyote katika kanuni hii.

Kwa kipande chetu cha kwanza tunapata bar 0.0246 kwa mita, mara mita 4, ni bar 0.10. Elbo au tii inayoishika springla moja kwa moja haihesabiwi, kwa kuwa upotevu wake umo tayari ndani ya kipimo cha K. Kwa hiyo presha kwenye springla ya pili ni 0.84 na 0.10, yaani bar 0.94.

Na hapa ndipo penye kiini cha hesabu nzima. Springla ya pili haitoi lita 73.2. Ina presha kubwa zaidi, basi itatoa zaidi: 80 mara kipeuo cha pili cha 0.94, ambayo, tukibeba desimali zote bila kuzifupisha kama tutakavyofanya hadi mwisho, ni lita 77.4. Hakuna anayeweza kuizuia. Springla haina koki ya kuipimia. Inatoa kile ambacho presha inaisukuma itoe. Anayezidisha lita 73.2 mara nne kwa ajili ya springla nne amekosea, na kosa lake linaelekea upande mbaya, kwa sababu maji ya ziada yanayotoka njiani yanaongeza mwendo ndani ya bomba, na mwendo unaongeza upotevu.

Tunajumlisha: 73.2 na 77.4 ni lita 150.6, ndizo zinazopita katika kipande kinachofuata. Jedwali la zamani lingetuacha tubaki na bomba la 25, maana linalisha springla mbili. Lakini kwa bomba hilo kipande hiki cha mita 4 kingekula bar 0.37. Kwa bomba la 32 kinakula 0.10. Nachagua 32 bila kusita. Springla ya tatu inapata bar 1.03 na kutoa lita 81.3, jumla inakuwa lita 231.9. Kipande cha kwenda springla ya nne nacho ni cha 32, kinakula bar 0.22, hivyo springla ya nne inapata bar 1.25 na kutoa lita 89.4. Tawi zima linabeba lita 321.

Linabaki lile pingili la mwisho linaloliunganisha tawi na bomba kuu. Tumelipa milimita 40. Lina mita 2.0 za ulalo na nusu mita ya kupanda kutoka bomba kuu, pamoja na elbo moja juu na tii moja chini ambamo maji yanageuka. Viungio hivi huhesabiwa kama urefu wa bomba: elbo ya 40 ni sawa na mita 1.2 na tii ni sawa na mita 2.4. Jumla ni mita 6.1, ingawa futi kamba ya fundi itasoma 2.5 tu. Mwanafunzi anayepima kwa futi kamba peke yake huacha zaidi ya nusu ya upotevu nje ya karatasi. Kwa lita 321, pingili hili linakula bar 0.29. Kupanda nusu mita kunaongeza 0.05, kwa kuwa kila mita ya kimo ni karibu bar 0.1. Jedwali la viungio limeandaliwa kwa bomba la Kimarekani la skedyuli 40, na kwa bomba letu lenye kipenyo kikubwa kidogo kuna marekebisho yanayoongeza kama bar 0.02, katika kazi ya kweli yaingizwe, hapa nimeyaacha ili namba zifuatike.

Mwisho wa yote, tawi letu linataka bar 1.58 na lita 321 kwa dakika pale linapoungana na bomba kuu. Namba hizi mbili zinaturuhusu kuligeuza tawi zima kuwa kama springla moja kubwa. Gawa 321 kwa kipeuo cha pili cha 1.58, unapata K ya tawi, ambayo ni 255. Ni njia nzuri sana, maana matawi mengine yanayofanana nalo hayahitaji kupigiwa hesabu upya tangu mwisho.

Eneo la mita 139 linagusa matawi mangapi? Kanuni inataka eneo hilo lirefuke kufuata tawi: kipeuo cha pili cha 139 mara 1.2, ni mita 14.1 hivi. Ukigawa kwa mita 4.0 unapata tatu na nusu, unapandisha hadi nne. Kwa hiyo springla nne kwa kila tawi, na matawi matatu yanatosha kufunika eneo. Bomba kuu kati ya tawi na tawi ni la milimita 50. Tawi la pili, likiwa mita 3 karibu zaidi na pampu, linakuta bar 1.63, na kwa K ya 255 linatoa lita 326. Tawi la tatu linakuta bar 1.79 na kutoa lita 342. Jumla ya springla zote 12 ni lita 989 kwa dakika. Kwa hesabu ya mkato, 12 mara 73.2, tungeandika 878. Tofauti ni zaidi ya lita mia moja kila dakika, na tenki litazidai kwa muda wote wa moto. Juu ya hizo, hatari ya kawaida inaongezewa lita 950 kwa dakika za mipira ya wazimamoto, na kwa dakika 60 zinazotakiwa kwa uchache tenki linakaribia lita 116,000. Tenki la lita 50,000 lililonunuliwa kwa kukisia lisingefika nusu saa.

Turudi kwenye tawi, maana huko ndiko akiba za kijinga hufanyika. Tuseme mchoro unaonyesha 25, 32, 32 na 40, lakini siku ya kufunga, dukani kuna bomba la 25 tu, au mkandarasi ameona bei ya 40 imepanda. Anafunga 25 kutoka mwanzo hadi mwisho. Springla ni zilezile, zimeachana vilevile, rangi nyekundu imepakwa, macho hayaoni kasoro. Tukipiga hesabu upya, springla ya tatu inapata bar 1.31, ya nne 2.21, na pingili la mwisho peke yake linakula zaidi ya bar 2. Ili springla ya mwisho ipate haki yake ya lita 73.2, tawi sasa linataka bar 4.4 mahali lilipotaka 1.58.

Pampu haijui hayo. Ilichaguliwa kwa mchoro wa kwanza, na kwenye bomba kuu inaleta bar 1.58 zake. Kinachotokea ni kwamba presha inaliwa njiani, na springla ya mwisho inabakiwa na bar 0.27 hivi. Itatoa lita 42 hivi kwa dakika badala ya 73, yaani milimita 3.5 badala ya 6.1, na imeanguka chini ya ile bar 0.5 ya mtawanyiko. Maji yatatoka. Yatadondoka karibu na springla yenyewe, na mashuka yaliyo mita mbili kando yataendelea kuwaka.

Ubaya wa kasoro hii ni kwamba majaribio ya kawaida hayaifichui. Ile koki ya majaribio iliyo mwisho wa mfumo hutoa maji sawa na springla moja tu. Springla moja ikiwa peke yake, msuguano ni mdogo, maji yanaruka vizuri, kengele inalia, na fomu inasainiwa. Kwenye bomba la 25 tupu, lita 73 zinapita bila shida. Ni lita 321 zinazolishinda. Jaribio lile linathibitisha kwamba kengele inalia na maji yanafika. Halithibitishi kwamba springla 12 zikifunguka pamoja zitatosheka.

Kwa hiyo ukaguzi wa kweli unafanywa kwa ngazi na kalipa. Panda, pima kipenyo cha nje cha kila kipande kabla dari halijafungwa: bomba la 25 lina milimita 33.7, la 32 lina 42.4, la 40 lina 48.3. Linganisha na mchoro, kipande kwa kipande, ukianzia mwisho. Kisha soma springla yenyewe. Rangi ya kichupa inakueleza joto la kufunguka tu: ya chungwa nyuzi 57, nyekundu 68, njano 79, kijani 93. Haikwambii lolote kuhusu K. Pamoja na K tafuta namba ya utambulisho iliyogongwa kwenye chuma, maana ndiyo inayokuunganisha na karatasi ya kiwanda. Nimeona mahali ambapo springla iliyovunjwa na ngazi ilibadilishwa kwa nyingine yenye kichupa cha rangi ileile, na aliyebadilisha akaridhika. Ikiwa uliyoiweka ni K115 kati ya K80, itamwaga maji zaidi kwa asilimia 44 kwa presha ileile, na maji hayo inayachukua kutoka kwa zilizo mbele yake.

Hesabu hii pia ina mipaka yake. C ya 120 inachukulia bomba linalochakaa kwa kiasi. Bomba lililojaa kutu na vinundu limepungua kipenyo chenyewe, na tumeshaona kipenyo kilivyo na nguvu. Hapo hakuna C itakayolinusuru, bomba libadilishwe. Mipira ya kunyumbuka inayoshusha springla hadi kwenye dari la jipsamu nayo hula presha nyingi kuliko inavyoonekana, na urefu wake wa hesabu hutoka kwa kiwanda, nao unaweza kuwa mita nyingi kwa mpira mfupi. Na zaidi ya yote, hesabu inategemea matumizi ya chumba. Siku chumba cha kufulia kitakapogeuzwa stoo ya magodoro yaliyorundikwa hadi karibu na dari, zile milimita 6.1 hazitatosha, na bar 1.58 haitakuwa na maana tena.

Kwenye bomba la wima la mfumo uliopigiwa hesabu panatakiwa kuning'inizwa kibao cha chuma au cha plastiki ngumu, kimeandikwa eneo la usanifu, milimita kwa dakika, jumla ya lita na presha inayohitajika. Ukiwa msimamizi wa jengo, kakitafute leo. Kama hakipo, au kipo lakini hakina kitu, mwite mhandisi akuonyeshe hesabu ya springla ya mwisho kabla hujamlipa yeyote kwa kufanyia mfumo huo matengenezo.